Yusufu hakuwakumbatia siku ya kwanza: uchambuzi wa skripti ya sekunde 90 kuhusu kumsamehe ndugu

Skripti niliyoletewa ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Aliyeiandika ni kijana anayetengeneza video fupi za mafundisho kwa ajili ya kikundi cha vijana wa kanisa lake, na safari hii alikuwa na mtu halisi kichwani. Mama mmoja anayefuatilia video zake alimwandikia kwamba yeye na kaka yake walichanga fedha wakanunua kiwanja. Hati akamwachia kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa. Baada ya muda akasikia kwa watu wa nje kwamba kiwanja kimeshauzwa, na mpaka leo kaka hajamtajia neno. Kwenye misiba na harusi wanakutana, wanasalimiana, kila mmoja anashika upande wake. Ombi la mama lilikuwa fupi: "Mwanangu, nifundishe kumsamehe, maana nimechoka kulibeba jambo hili."

Kijana alichagua kisa cha Yusufu na ndugu zake. Alichagua vizuri. Visa vya msamaha viko vingi katika Maandiko, lakini vichache vinahusu mtu aliyeuzwa na watu waliolala naye chini ya paa moja. Mwana mpotevu ni kisa cha baba na mtoto, na aliyekosa ndiye anayerudi akiomba. Esau na Yakobo wanakaribia zaidi, ila pale simulizi iko zaidi upande wa Yakobo, mkosaji mwenye hofu, na moyo wa Esau tunauona kwa mbali tu. Kwa Yusufu tunakaa na aliyeumizwa tangu mwanzo hadi mwisho, na tunaoneshwa machozi yake hata pale ndugu zake wasipoyaona.

Shida ilikuwa jinsi alivyokikata kisa. Skripti yake ya kwanza ilianza shimoni. Yusufu akavuliwa kanzu, akatupwa, akauzwa. Kisha nyumba ya Potifa, kisha gereza, kisha ndoto za Farao, kisha cheo. Hapo zaidi ya dakika moja na nusu ilikuwa imekwisha. Halafu ikafuata sentensi hii, naiweka kama alivyoiandika: "Njaa ikaja, ndugu zake wakaja Misri, Yusufu akawaona, akalia, akawakumbatia na kuwasamehe yote. Na wewe mpendwa, leo hii, mkumbatie ndugu yako."

Ukiisoma haraka inapita. Watu wengi wanakikumbuka kisa hivyo hivyo. Lakini fungua Mwanzo. Ndugu wanafika Misri sura ya 42. Kukumbatiana kuko sura ya 45. Katikati pana sura tatu nzima, ambazo skripti ilizifunika kwa mkato mmoja, na jibu la yule mama limo humo.

Tuzipitie polepole, kwa sababu mwandishi wa skripti ya dakika moja na nusu anapaswa kujua vizuri kile anachokiacha.

Kwanza muda. Yusufu aliuzwa akiwa na umri wa miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikapita miaka 7 ya shibe, na alipojitambulisha kwa ndugu zake alisema miaka 2 ya njaa imekwisha pita na mitano imebaki. Yaani alikuwa na kama miaka 39, na tangu shimoni ilikuwa imepita miaka 22 hivi. Kati ya hapo alipata mtoto wa kwanza akamwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake zote na nyumba yote ya baba yake. Alidhani amesahau. Kisha wale kumi wakatokea mlangoni kutafuta nafaka, na sura haijaisha amekwisha jitenga nao ili alie. Mama wa kiwanja angeielewa aya hiyo bila kufafanuliwa.

Pili, alivyowapokea. Aliwajua, wao hawakumjua. Alisema nao kwa ukali, kupitia mkalimani, akawaita wapelelezi. Kwanza alitaka kumtuma mmoja tu arudi nyumbani na wengine wafungwe; baada ya siku tatu kizuizini akageuza, akamzuia Simeoni peke yake na kuwaachia waliobaki. Wengine huona hapa ukatili, au kisasi kilichovaa koti la hekima. Mimi sisomi hivyo, na sababu ni yale aliyoyafanya wakati huo huo. Aliamuru magunia yao yajazwe nafaka, fedha ya kila mtu irudishwe ndani ya gunia lake, na wapewe chakula cha njiani. Mtu aliyekuwa na mamlaka ya kuwaua au kuwafanya watumwa, na ambaye hakuna mtu Misri angemuuliza, aliwalisha bure. Kisasi alikuwa amekwisha kukiacha. Jina lake tu ndilo ambalo hakuwapa.

Kuhusu kwa nini aliwafanyia yale, msimulizi wa Mwanzo hatuambii waziwazi. Lakini Yusufu mwenyewe anatamka katika sura ya 42 kwamba watajaribiwa, ijulikane kama kuna kweli ndani yao. Anayasema hayo kwa kisingizio cha upelelezi, nao hawajui kwamba swali lina kina kuliko hicho.

Pale pale kuna jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye video yoyote ya kisa hiki. Ndugu wanasemezana kwa lugha yao, wakidhani yule mkuu haelewi: tuna hatia kwa ajili ya ndugu yetu, tuliona shida ya nafsi yake alipotusihi, hatukumsikiliza. Sasa rudi sura ya 37 utafute mahali Yusufu anapolia na kusihi shimoni. Hapapo. Sura ile inatuambia tu kwamba shimo lilikuwa tupu, halina maji, na kwamba ndugu waliketi kula. Kilio chake tunakisikia kwa mara ya kwanza miaka 22 baadaye, kutoka kwenye midomo ya waliokipuuza. Yusufu alisimama akisikia kwamba kumbe walimsikia. Hapo ndipo alipogeuka akaenda kando kulia.

Tatu, mtihani wenyewe. Safari ya pili wanakuja na Benyamini, mtoto mwingine wa Raheli, mama yake Yusufu, ambaye baba sasa anampenda kama alivyompenda Yusufu. Mezani Benyamini anapewa sehemu mara tano kuliko wenzake. Anapendelewa waziwazi, kama ile kanzu. Kisha kikombe cha fedha kinafichwa katika gunia lake, wanakamatwa njiani, wanarudishwa, na Yusufu anatoa hukumu: aliyeonekana na kikombe atakuwa mtumwa wangu, ninyi nendeni kwa amani kwa baba yenu.

Tazama alivyoipanga. Kuna ndugu mdogo, kipenzi cha baba. Kuna nafasi ya kumwacha utumwani Misri. Kuna njia nyeupe ya kurudi nyumbani, na maelezo ya kumpa baba yako tayari, tena safari hii si ya uongo. Ni kosa lile lile limeletwa tena mbele yao, na hakuna atakayewalaumu wakilirudia.

Anayesogea mbele ni Yuda. Katika sura ya 37 ni yeye aliyesema, kuna faida gani tukimwua ndugu yetu, haya na tumuuze. Sasa anasema maneno marefu kuliko ndugu mwingine yeyote katika kisa hiki, aya 17, na mwisho wake ni huu: mimi nikae badala ya kijana niwe mtumwa, kijana aende na ndugu zake, maana nitarudije kwa baba yangu bila yeye. Yule aliyeshiriki kumpelekea baba kanzu yenye damu bila kujali moyo wa mzee, leo anakubali kuuzwa mwenyewe ili mzee asivunjike moyo mara ya pili.

Aya inayofuata ndiyo Mwanzo 45:1. Yusufu hakuweza kujizuia tena.

Nilipomaliza kumwonesha kijana haya, aliniuliza swali lililo sahihi kabisa: "Sasa mwalimu, mbona unanifanya niseme mtu asisamehe mpaka mwenzake abadilike? Si ndiyo kinyume cha Injili?" Hapana, na skripti nzima inasimama au kuanguka hapa. Yusufu alifanya mambo mawili kwa nyakati mbili. La kwanza, aliacha kulipa ubaya, na hilo hakuliwekea sharti. Alifanya tangu safari ya kwanza, Simeoni akiwa bado kifungoni na hata jina lake hawalijui. La pili, alijirudisha mikononi mwao akawa ndugu tena, na hilo alilisubirisha mpaka Yuda alipozungumza. Skripti ya kwanza iliyachanganya mawili hayo kuwa moja, na matokeo yake ilikuwa inamwambia mama wa kiwanja kwamba asipomkumbatia kaka yake leo, basi hajasamehe. Mama mwaminifu akisikia hivyo atafanya moja kati ya mawili: atajilazimisha, akabidhi tena kitu na kuumia tena, au atakaa akijiona mwenye dhambi kwa sababu moyo wake una tahadhari. Yote mawili yanatokana na uzembe wetu sisi tunaoandika, si na Maandiko.

Sehemu ya pili niliyoikataa ni hitimisho lake. Alikuwa amemalizia kwa kumwambia mtazamaji: "Ndugu yako alikusudia mabaya, lakini Mungu alikusudia mema." Maneno hayo yako kwenye Mwanzo 50:20, ni kati ya aya zinazopendwa mno, na ni ya kweli. Tatizo ni nani anayeyasema na lini. Yanasemwa na Yusufu, aliyeumizwa, akiwa amekwisha kuona kwa macho yake watu wakiokolewa na njaa, na baba yake amekwisha kuzikwa. Hakuna aliyeinama juu ya shimo kumwambia hayo akiwa humo ndani. Tukimpelekea mama ambaye kiwanja chake kimeuzwa na bado hajaona wema wowote uliotoka humo, tunamnyang'anya sentensi ambayo siku moja huenda ataisema mwenyewe, na siku hiyo itakuwa na uzito ambao sisi hatuwezi kuupa.

Tena, aya yenyewe haifichi kosa. Inaanza kwa kusema mlinikusudia mabaya. Na siku ile ya kujitambulisha, pumzi moja na jina lake, Yusufu alitaja kwamba waliomsikiliza ndio waliomuuza. Skripti nyingi za msamaha zinaogopa kulitaja kosa, zinaliita "yaliyopita", "changamoto", "kutoelewana". Mama hakutoelewana na kaka yake. Kaka aliuza mali isiyo yake peke yake. Nikamshauri kijana neno "kuuza" libaki ndani ya video kwa sababu linafaa pande zote mbili, kwa Yusufu na kwa kiwanja, bila yeye kutaja kiwanja.

Kulikuwa na jambo jingine la kusafisha. Watazamaji wake ni mchanganyiko, Wakristo na Waislamu, na katika kukusanya kumbukumbu alikuwa ameingiza mbwa mwitu na macho ya Yakobo yaliyopofuka kwa huzuni, halafu akaandika "Mwanzo" kwenye skrini. Hayo mawili yako katika Kurani, sura ya 12, sura ya Yusuf. Mwanzo husema mnyama mkali tu, na macho ya Yakobo yanatajwa kufifia kwa uzee, karibu na kufa kwake. Mtazamaji Mwislamu atajua umechukua kwake bila kusema. Mkristo anayejua kitabu chake atajua hukusoma. Wote wawili wataacha kukuamini kwa jambo dogo kama hilo.

Na kuna tofauti kubwa zaidi inayogusa muundo wenyewe. Katika Kurani, ndugu nao wanajitolea mmoja wao achukuliwe badala ya yule mdogo, lakini ombi hilo halikigeuzi kisa, linakataliwa. Kinachofungua mlango ni pale Yusuf anapowauliza kama wanajua walichomfanyia Yusuf na nduguye, wakamtambua, wakakiri kwamba walikuwa wakosaji. Ndipo akawaambia katika aya ya 92 kwamba leo hapana lawama juu yao, na Mwenyezi Mungu atawasamehe. Kwa hiyo anayetaka kuitengeneza video hii kwa simulizi ya Kurani aijenge juu ya kukiri, na anayefuata Mwanzo aijenge juu ya Yuda. Ukizichanganya unapata kisa ambacho hakimo katika kitabu chochote. Kijana akaamua kubaki na Mwanzo, na akaandika hivyo waziwazi kwenye skrini.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kukata. Skripti ya kwanza ilikuwa na maneno zaidi ya 300. Tukiisoma kwa mwendo wa mtu anayesimulia bila haraka ilipita dakika mbili na nusu. Kwa sekunde 90, ukitaka pawe na nafasi ya kupumua, unabaki na maneno 150 hadi 170. Maana yake shimo, Potifa, gereza na ndoto havina nafasi hata moja. Inauma kuviacha, lakini hakuna hasara: kisa ni maarufu, mtazamaji anakuja nacho tayari. Ukianza na jambo analolijua anakupita kwa kidole. Ukianza na jambo lililokuwepo siku zote na hakuliona, anasimama. Ndiyo maana tukaanzia mahali ambapo kila mtu anangoja kumbatio, na kumbatio halipo.

Hii ndiyo skripti iliyorekodiwa. Msemaji mmoja, ameketi, kamera karibu na uso, bila salamu wala kujitambulisha.

"Yusufu alipowaona ndugu zake waliomuuza, hakuwakumbatia. Aliwaficha jina lake.

(Anyamaze kidogo. Kwenye skrini: Mwanzo 42.)

Miaka kama 22 ilikuwa imepita. Walikuja Misri kutafuta nafaka, wakamwinamia bila kumjua. Yeye aliwajua.

Angeweza kuwalipa. Hakuwalipa. Aliwajazia magunia, akawarudishia fedha yao. Ila jina lake, bado.

Alitaka kuona kwanza: hawa ni wale wale?

Akamweka Benyamini, mdogo wao, mahali alipowekwa yeye. Akawaambia: huyu anabaki mtumwa, ninyi nendeni kwa amani.

(Kwenye skrini: Mwanzo 44.)

Njia ilikuwa wazi. Akasimama Yuda. Yule yule aliyewahi kusema, tumuuze. Akasema: nichukue mimi, kijana aende kwa baba yake.

Hapo Yusufu akalia kwa sauti. Mimi ni Yusufu, ndugu yenu, mliyeniuza.

Hakusema haikutokea. Alisema, mliniuza. Na alikuwa amewaita karibu.

Kama kuna ndugu aliyekuuza, kisasi unaweza kukiacha leo, hata kama yeye hajabadilika. Hiyo iko mikononi mwako na mwa Mungu.

Kumkabidhi tena kilicho chako, hiyo ina wakati wake. Mtazame kama Yuda amesimama.

Akiwa hajasimama, usimnyime nafaka. Na jina lako, kaa nalo kwanza."

Ina maneno kama 135. Mistari iliyobishaniwa zaidi ni ile mitatu ya mwisho. Kijana aliogopa kwamba "kaa nalo kwanza" itasikika kama ruhusa ya kununa. Nilimwelekeza kwenye mstari wa nafaka uliotangulia, kwa kuwa huo ndio unaozuia kununa. Kwa mama wa kiwanja, nafaka ni nini? Ni kumsalimia kaka kwa moyo mweupe msibani, kumwombea akiugua, kutomchafua mbele ya watoto wake, kutomkatia msaada akikwama. Ni vitu halisi, na vinagharimu. Jina ni hati inayofuata, saini inayofuata, siri inayofuata. Anaweza kutoa la kwanza lote na kuzuia la pili bila kuwa mnafiki, kama Yusufu alivyofanya kwa safari mbili nzima. Na kama anataka kudai haki yake kwa njia ya wazee wa ukoo au sheria, hilo nalo si kisasi. Kudai urudishiwe si sawa na kutaka aumie.

Mpaka wa kisa hiki lazima usemwe pia, maana usiposemwa video inaweza kumdhuru mtu. Yusufu alisamehe akiwa juu. Yeye ndiye aliyeshika nafaka, askari na funguo, na ndugu zake hawakuwa na uwezo wa kumgusa tena. Mtazamaji anayeishi bado chini ya mkono wa anayemuumiza, anapigwa, anaingiliwa, anatishwa na jamaa yake mwenyewe, hayuko mahali pa Yusufu wa sura ya 42. Yuko sura ya 37, ndani ya shimo, na anayehitajika kwanza ni wa kumtoa. Reubeni alilifikiria hilo akachelewa. Hatukuweza kuliingiza ndani ya sekunde 90 bila kuvunja mwendo, kwa hiyo likawekwa kama maandishi ya kudumu chini ya video: kama bado hujawa salama, tafuta kwanza mtu wa kukutoa, mazungumzo ya msamaha yatakusubiri.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. Alitaka kutumia klipu za waigizaji wenye kanzu za rangi. Nilipinga, kwa sababu uso wa mwigizaji unamfanya mtazamaji ajione anatazama watu wa zamani, na sisi tunataka amwone kaka yake. Uso wa msemaji na manukuu yaliyoandikwa vizuri vinatosha, hasa kwa kuwa wengi hutazama bila sauti. Manukuu yakatwe kufuata pumzi ya msemaji: "Angeweza kuwalipa" peke yake kwenye skrini, kisha "Hakuwalipa" peke yake. Yakija kwa pamoja, mkazo wote unapotea. Muziki usiwepo mpaka Yuda aliposimama, na hata hapo uwe wa chini. Muziki wa huzuni tangu mwanzo unamwambia mtazamaji alie kabla hajapewa sababu.

Kabla ya kuitoa, kijana alimtumia mama kwanza, peke yake. Huo ni utaratibu ninaousisitiza kwa video yoyote iliyotokana na kisa cha mtu aliye hai, hata kama hakutajwa kabisa. Mama akajibu kwamba mstari uliomgusa haukuwa wa Yuda. Ulikuwa "akawarudishia fedha yao". Alisema muda wote amekuwa akiuliza kaka atamrudishia lini, na hakuwahi kufikiri kwamba katika kisa kile aliyerudisha fedha ni aliyeuzwa. Kisha akauliza: na kaka yangu akija kweli, akasema kama Yuda, halafu mimi moyo ukaendelea kuogopa, itakuwaje?

Swali hilo halina jibu ndani ya sura ya 42 mpaka 45. Jibu lake liko sura ya 50, na linatoka upande wa pili: walioogopa ni waliosamehewa. Yakobo aliishi Misri miaka 17 baada ya kupatanishwa kwa wanawe, akafa, na alipokwisha kuzikwa ndugu walisema huenda sasa Yusufu atatulipa. Wakatuma ujumbe wakidai ni agizo la marehemu baba, ingawa hakuna mahali tunapomsikia Yakobo akilitoa agizo hilo. Miaka 17 wamekula mkono wake, na bado hawakuamini. Yusufu aliposikia alilia, akawaambia wasiogope, akauliza kama yeye ni badala ya Mungu, na akaahidi kuendelea kuwalisha wao na watoto wao. Kijana ameanza kuiandika kama video ya pili, ya sekunde 90 pia, na nimemshauri safari hii msemaji azungumze na kaka.